Tarakimu ya Kwanza na Hati za Malipo: Namna ya Kuchagua Faili la Kufungua

(Mhadhara uliotolewa Morogoro mbele ya wahasibu, wakaguzi wa ndani na wajumbe wa kamati za usimamizi za vyama vya akiba na mikopo)

  

Kusudi langu leo ni moja. Nataka kueleza kipimo kinachotazama tarakimu ya kwanza tu ya kila kiasi kilichoandikwa katika orodha ya malipo au taarifa ya benki, kisha kinatuonyesha ni hati zipi zifunguliwe mapema kwa sababu huenda kiasi chake kilitungwa mezani. Nitaeleza kwa nini kinafanya kazi, kinafanywaje, na ni wapi kinapotosha. Na niseme mapema ili tusigombane wakati wa maswali: kipimo hiki hakimkamati mwizi. Kinachagua faili, basi. Anayefungua faili na kulisoma ni mimi na wewe.

1. Tarakimu za kwanza hazigawani sawa

Nikikuuliza, katika hati elfu moja za malipo, ni ngapi zina kiasi kinachoanza na 1 na ngapi zinaanza na 9, huenda ukajibu kwamba zitakaribiana. Tarakimu ziko tisa, kila moja ipate fungu lake. Sivyo ilivyo. Katika orodha ya kawaida ya malipo yenye viwango mbalimbali, vidogo na vikubwa, zinazoanza na 1 ni kama 301, na zinazoanza na 9 ni kama 46 tu.

Aliyelitambua jambo hili mapema ni Simon Newcomb, mwanaastronomia wa Marekani, mwaka 1881. Aliona kwamba vitabu vya majedwali ya logi vimechakaa zaidi kurasa za mwanzo, zile za namba zinazoanza na 1, kuliko kurasa za mwisho. Wazee mliosoma enzi za majedwali ya logi mnacheka. Basi kakitafuteni kitabu chenu mkitazame. Makala yake haikusumbua watu. Mwaka 1938 Frank Benford, mwanafizikia wa kampuni ya General Electric, alilichapisha upya jambo hilohilo, safari hii akiwa na ushahidi: namba 20,229 kutoka majedwali 20 yasiyohusiana, yakiwemo maeneo ya mito, idadi ya wakazi wa miji, na hata namba za nyumba za wanasayansi. Ndiyo maana leo kanuni inaitwa ya Benford, na Newcomb kabaki kutajwa kwa heshima.

Mgawanyo wenyewe ni huu: tarakimu 1 inapata asilimia 30.1, 2 inapata 17.6, 3 inapata 12.5, 4 inapata 9.7, 5 inapata 7.9, 6 inapata 6.7, 7 inapata 5.8, 8 inapata 5.1 na 9 inapata 4.6.

Kwa nini iwe hivyo? Tazama akiba ya shilingi 100,000 inayokua kwa asilimia 10 kila mwaka, riba juu ya riba. Ili ifike 200,000 inahitaji miaka saba na robo hivi, na muda wote huo salio linaanza na 1. Kutoka 200,000 hadi 300,000 inatumia miaka minne na robo, salio likianza na 2. Kila hatua inakuwa fupi kuliko iliyotangulia, kwa sababu ongezeko la asilimia 10 linakuwa kubwa zaidi kadiri fedha inavyokua. Kutoka 900,000 hadi milioni moja ni mwaka mmoja na mwezi mmoja tu. Safari nzima, kutoka laki moja hadi milioni, ni miaka 24 na kidogo. Gawanya miaka 7.27 kwa 24.16 utapata asilimia 30.1, ileile ya Benford. Ikishavuka milioni inaanza upya na 1, na hesabu inajirudia.

Fedha za biashara kwa sehemu kubwa huzaliwa kwa kuzidisha. Bei inazidishwa kwa idadi, jibu linazidishwa kwa kodi, kisha punguzo. Namba zilizozaliwa hivyo, zikichanganywa kutoka vyanzo vingi na zikienea kutoka maelfu hadi mamilioni, huelekea mgawanyo huo. Theodore Hill alitoa uthibitisho wa kihisabati wa upande huu wa mchanganyiko mwaka 1995. Sifa nyingine ya kanuni hii, ambayo naomba muishike kwa sababu nitaidai baadaye, ni kwamba haijali kizio. Orodha inayofuata mgawanyo huu kwa shilingi itaufuata ukiigeuza kuwa dola, kwa sababu kuzidisha kila kiasi kwa namba moja hakubadilishi sura ya mgawanyo.

2. Mtu anapotunga kiasi, mkono wake una mazoea

Mfano wa mahakamani tunaweza kuuhesabu pamoja. Mwaka 1993 meneja mmoja wa ofisi ya Mweka Hazina wa jimbo la Arizona, Marekani, alitiwa hatiani kwa kujaribu kulaghai jimbo karibu dola milioni mbili. Alielekeza hundi 23 kwa muuzaji ambaye hakuwepo. Utetezi wake ulikuwa kwamba alitaka kuonyesha kuwa mfumo mpya wa kompyuta hauna kinga. Mark Nigrini, msomi wa uhasibu aliyeeneza matumizi ya kanuni ya Benford katika ukaguzi, alizichambua hundi hizo na kuzichapisha mwaka 1999 katika jarida la wahasibu wa Marekani.

Hundi mbili za kwanza ziliandikwa 9 Oktoba 1992: dola 1,927.48 na dola 27,902.31. Siku tano baadaye zikafuata nne: 86,241.90, kisha 72,117.46, kisha 81,321.75, kisha 97,473.96. Tarehe 19 Oktoba zikatoka 17 kwa mpigo, kubwa yao 96,879.27 na ndogo 71,552.16. Jumla kuu ni dola 1,878,687.58.

Sasa tuhesabu tarakimu za kwanza. Inayoanza na 1 ni moja. Inayoanza na 2 ni moja. Kuanzia 3 hadi 6 hakuna kitu. Zinazoanza na 7 ni tatu, na 8 ni tisa, na 9 ni tisa. Yaani hundi 21 kati ya 23 zinaanza na 7, 8 au 9. Kwa kanuni ya Benford, tarakimu hizo tatu kwa pamoja zilistahili asilimia 15 na nusu, ambayo kwa hundi 23 ni tatu au nne.

Kwa nini huyu bwana alikwama juu kiasi hicho? Kila hundi iko chini ya dola 100,000. Huenda hapo ndipo palipokuwa na mpaka wa kuangaliwa zaidi, naye akawa anaukaribia bila kuuvuka. Hata hatua zake zinasomeka: kwanza kiasi kidogo cha kujaribu, kisha kikubwa kidogo, kisha anapoona hakuna aliyeuliza, anapanda hadi ukingoni na kubaki hapohapo. Kama ni hivyo, mpaka huo ndio uliomwandikia tarakimu.

Kuna la pili, na hili mimi naliona tamu zaidi. Hakurudia kiasi hata kimoja. Hakuandika kiasi cha mviringo, kila hundi ina senti zake. Alijitahidi zionekane za bahati nasibu. Lakini ukitazama tarakimu mbili za mwanzo, 87 imejitokeza mara mbili, 88 mara mbili, 93 mara mbili na 96 mara mbili. Ukitazama senti, 16, 67 na 83 kila moja imerudi mara mbili. Marudio ya namna hiyo peke yake yasingemhukumu mtu, maana hata namba za kweli hujirudia. Yakiwekwa pamoja na ule msongamano wa 8 na 9, mkaguzi anapata sababu tosha ya kuuliza huyu muuzaji yuko wapi.

Mnaona kwamba mtungaji wa namba ana makosa mawili yanayokwenda kinyume. Akiwa hana mpaka wa kumbana, hueneza tarakimu kwa usawa kwa kuamini kwamba hivyo ndivyo bahati nasibu ilivyo, na hapo 1 inapungua sana huku 6, 7 na 8 zikizidi. Akiwa na mpaka, hurundika chini yake. Yote mawili yanaonekana, ila kwa sura tofauti, na sura hiyo inatuambia tuanze kutafuta wapi.

3. Namna ya kufanya, hatua kwa hatua

Hapa ndipo wengi huteleza, na hawatelezi kwenye hesabu. Wanateleza kwenye kuandaa data.

Omba orodha ya malipo katika lahajedwali, si karatasi iliyopigwa picha. Ukipewa taarifa ya benki, chukua safu ya fedha zilizotoka au safu ya zilizoingia, moja moja, usizichanganye. Safu ya salio usiiguse kabisa, kwa sababu kila salio limebeba la jana yake na hivyo si kiasi kipya. Ondoa mistari ya jumla na ya salio lililoletwa. Ondoa miamala iliyorudishwa, maana italeta kiasi kilekile mara mbili. Ukitumia taarifa ya pesa za simu, toa ada za muamala na tozo, ambazo hukaa mstari wao wenyewe na hufuata jedwali la bei la kampuni, kwa hiyo zitakujazia tarakimu chache zilezile mamia ya mara. Mwisho toa viasi vya chini ya shilingi 10, ambavyo kwa kawaida ni masahihisho ya senti.

Baada ya hapo, kama viasi viko safu ya A, tarakimu ya kwanza inakwenda safu ya B. Andika tarakimu 1 hadi 9 safu ya D, idadi uliyoikuta safu ya E, na sehemu inayotarajiwa safu ya F:

```
B2: =VALUE(LEFT(ABS(A2),1))
E2: =COUNTIF(B:B,D2)
F2: =LOG10(1+1/D2)
```

Zidisha F kwa idadi ya miamala yote upate idadi inayotarajiwa. Hakuna programu ya kununua.

Sasa tuchukue chama kimoja cha akiba na mikopo. Nimekitunga kwa ajili ya somo, kwa hiyo asije mtu kuniuliza ni chama chake. Kina hati 1,000 za malipo kwa miezi tisa. Meneja anaidhinisha peke yake malipo yaliyo chini ya shilingi 500,000. Kuanzia hapo lazima bodi isaini. Tumehesabu, tarakimu 4 imetokea mara 182. Matarajio yalikuwa 97.

Swali la kwanza ni kama tofauti hiyo ni mtikisiko wa kawaida. Kipimo cha mtikisiko ni kipeuo cha pili cha 1,000 mara 0.0969 mara 0.9031, ambacho ni 9.35. Ukizidisha kwa 1.96, kama tulivyofundishwa, unapata kwamba orodha safi ingekaa kati ya 79 na 115 karibu kila mara. Sisi tuna 182. Tofauti ni mara tisa ya mtikisiko. Hii si bahati.

Katika orodha hiyohiyo tarakimu 1 imetokea mara 270 badala ya 301, nayo pia imevuka mpaka wake kidogo. Msiikimbilie. Hati za 4 zikizidi, nyingine lazima zipungue sehemu yake, maana jumla ni asilimia mia. Anzeni na tarakimu iliyozidi. Zilizopungua mara nyingi ni kivuli chake.

Hati 182 bado ni nyingi kuzisoma asubuhi moja. Kwa hiyo tunakwenda tarakimu mbili za mwanzo, kuanzia 10 hadi 99, kwa fomula zilezile: weka 2 mahali pa 1 ndani ya LEFT, na 48 au 49 mahali pa D2. Kwa hati 1,000, kila moja ya hizo ilistahili kama hati tisa. Tunakuta 48 ina hati 38 na 49 ina hati 57. Ziada karibu yote imekaa pale. Sasa tumebakiwa na hati 95, na hizo zinasomeka.

Tunafungua fungu la 48. Hati 36 ni posho ya usiku ya walinzi wanne, shilingi 48,000 kila mmoja kwa miezi tisa. Mkataba upo, saini zipo, walinzi wako getini. Fungu hilo limekwisha, na hakuna aliyekosea. Kama tungeandika ripoti kabla ya kulifungua, tungewachafua watu wanne wanaokesha kutulindia ofisi.

Fungu la 49 ni jambo jingine. Hati 46 kati ya 57 ni za wauzaji wawili wa vifaa vya ofisi, kila moja kati ya shilingi 491,000 na 499,500. Mara 16 muuzaji yuleyule amelipwa hati mbili siku ileile. Hapo tunaona kwanza dalili ya manunuzi yaliyokatwa vipande ili yasifike kwenye bodi. Kisha tunatazama namba za ankara. Muuzaji wa kwanza ana ankara 0117, 0118, 0119, 0120 zilizotolewa ndani ya miezi mitatu, na zote ni za chama hiki. Duka ambalo kwa miezi mitatu halijamwandikia ankara mteja mwingine yeyote ni duka la namna gani?

Hata hapo hatujasema mtu ameiba. Kukata manunuzi ni kosa la utaratibu, lakini karatasi huenda zilinunuliwa kweli. Kwa hiyo tunakwenda kwenye leja ya stoo tukaone kama rimu ziliingia, na nani alisaini kuzipokea. Tunachukua risiti za EFD na kuhakiki namba zake kwenye tovuti ya TRA. Tunatafuta duka lenyewe kwa miguu. Kiasi kilichotungwa huthibitika pale mali inapokosekana, risiti isipotambulika na duka lisipokuwepo. Tarakimu zilitufikisha mlangoni tu.

4. Mahali kipimo kinapopotosha, na mahali kinaponyamaza

Hii ndiyo hoja niliyotamani kuipa muda mrefu kuliko zote, kwa sababu nimeona ripoti zikiandika kwamba hesabu "zimeshindwa mtihani wa Benford" kana kwamba huo ni ushahidi. Si ushahidi.

Kuna orodha ambazo hazikupaswa kupimwa tangu mwanzo. Posho za safari zina viwango vilivyopangwa na mwajiri, kwa hiyo tarakimu zake ziliandikwa kwenye waraka kabla mtu hajasafiri. Fedha zinazotolewa kwenye mashine za benki huenda kwa noti kamili, elfu kumi, ishirini, hamsini, mia. Michango ya kila mwezi ya wanachama ni kiasi kimoja kwa wote. Mishahara ya shule moja ya msingi imebanana katika masafa madogo, haisambai kutoka maelfu hadi mamilioni. Kila moja ya orodha hizi itakiuka mgawanyo huku ikiwa safi kabisa. Swali la kujiuliza kabla ya kupima ni hili: kiasi hiki kilizaliwa vipi? Kama kilitoka sokoni, kwa bei na idadi, pima. Kama kilitoka kwenye waraka, acha.

Najua kuna mtu ameshaandika swali kuhusu kura, maana kila baada ya uchaguzi Afrika Mashariki huzuka michoro ya Benford mitandaoni. Nimjibu hapahapa. Kenya mwaka 2017 iliweka ukomo wa wapiga kura 700 kwa kila kituo. Vituo vikishakuwa vya ukubwa unaokaribiana namna hiyo, kura za mgombea mwenye nguvu katika eneo lake zitaangukia kwenye mamia machache yaleyale, na tarakimu ya kwanza itafuata ukubwa wa kituo na nguvu za chama. Mchoro huo hausemi lolote kuhusu wizi, wala kuhusu usafi.

Kisha kuna suala la wingi. Wakaguzi wengi hutumia wastani wa tofauti: unachukua tofauti kati ya sehemu uliyoikuta na inayotarajiwa kwa kila tarakimu, bila kujali alama ya kutoa, unajumlisha na kugawa kwa tisa. Nigrini aliweka mpaka wa 0.015, ukizidi hapo, orodha hailingani na mgawanyo. Mpaka huo uliwekwa kwa ajili ya orodha kubwa. Kwa hati 1,000 zisizo na doa, wastani huo huwa kama 0.007, kwa hiyo uko salama. Kwa hati 100 zisizo na doa, huwa kama 0.023, yaani chama kidogo chenye hesabu safi kitaonekana kimekosa kwa sababu tu ni kidogo. Chini ya hati 250 hivi, msiutumie mpaka huo. Hesabuni tarakimu, tazameni msongamano mkubwa usio na shaka kama ule wa Arizona, na muishie hapo.

Upande wa pili una mtego wake. Jaribio la kai-mraba, lenye mpaka wa 15.5 kwa tarakimu tisa, huwa kali kupita kiasi orodha inapofika laki mbili. Hapo hata tofauti ndogo isiyo na maana kwa mkaguzi inatangazwa kuwa kubwa. Benki yenye miamala laki mbili itashindwa kai-mraba kila mwaka, na kila mwaka itakuwa haina kosa la kulieleza. Kwa orodha za ukubwa huo heri wastani wa tofauti, kisha tarakimu mbili za mwanzo.

Sasa kuhusu kunyamaza. Nilisema nitaidai ile sifa ya kutojali kizio, na sasa naidai. Chukua ofisa manunuzi aliyeelewana na mzabuni kwamba kila ankara iongezwe asilimia 20, wagawane. Ankara zote ni za kweli, mali inaletwa kweli, ila bei imepandishwa. Kila kiasi kimezidishwa kwa 1.2, na kuzidisha kwa namba moja hakuvunji mgawanyo. Orodha ile itapita mtihani wa tarakimu ya kwanza vizuri kabisa. Kwa maoni yangu wizi wa aina hii ndio unaotumaliza zaidi, na kipimo hiki hakiuoni hata chembe. Dawa yake ni kulinganisha bei na za soko.

Wala hakimwoni keshia anayepokea marejesho ya mkopo na kuyatia mfukoni bila kuyaandika, kwa sababu kisichoandikwa hakina tarakimu ya kwanza. Wala hati tatu za uongo zilizochanganywa na elfu kumi za kweli. Kipimo kinaona mazoea yaliyorudiwa mara nyingi. Tukio la mara moja linapita.

Mtaniuliza pia: akijua mtungaji kuhusu Benford je? Anaweza kutunga namba zinazofuata mgawanyo, si kazi ngumu, fomula mmeiona. Lakini tazameni anachopoteza. Ili afuate mgawanyo, karibu nusu ya hati zake lazima zianze na 1 au 2. Akiwa anabanwa na mpaka wa shilingi 500,000, hizo ni hati za laki moja na laki mbili, na huenda chini zaidi. Atahitaji hati nyingi mno kufikia fedha anayoitaka, na kila hati ya ziada ni ankara moja zaidi, risiti moja zaidi, saini moja zaidi ya kughushi. Kujua kanuni kunampunguzia hatari hapa na kumwongezea pale.

Ndugu Mwenyekiti, naona umeshatazama saa, nami nakaribia mwisho.

Ombi langu kwa kamati za usimamizi ni dogo. Kuanzia robo mwaka ijayo, kila kamati imtake mhasibu wake akabidhi orodha ya malipo katika lahajedwali, pamoja na viwango vya idhini vya chama na orodha ya malipo yenye kiasi kisichobadilika. Hayo matatu yakija pamoja, hesabu yenyewe ni kazi ya alasiri moja. Mkikuta tarakimu iliyozidi, andikeni kwenye karatasi ya kazi maelezo mliyoyapata baada ya kufungua hati, hata kama maelezo ni posho ya walinzi, ili kamati itakayofuata isianze upya. Neno "wizi" lisiandikwe popote mpaka stoo, risiti na duka vyote vimekwisha kutembelewa.

Na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, jioni hii ombeni orodha ya malipo ya chama cha wanafunzi wenu mkaipime. Kama ina hati chini ya 250, mmeshaambiwa cha kufanya.